Mwaka wa pili unalipa ngapi?

"Fedha zangu za karafuu: mwaka mmoja 10%, miaka miwili 11% kwa mwaka. Nifunge miwili au mmoja mmoja?"

Funga miwili ikiwa unaamini kuwa riba ya mwaka mmoja mwakani itakuwa chini ya 12.01%. Shilingi 1,000,000 hufika 1,232,100 kwa miaka miwili na 1,100,000 kwa mmoja. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate 1.1201, yaani mwaka wa pili unalipa 12.01%. Anayezidisha 11 kwa mbili na kutoa 10, akapata 12, amekaribia, ila amesahau kuwa riba hulimbikizana. Hesabu hii inataka riba ya dhamana isiyolipa kuponi, yaani riba ya vipindi, njiani, ilhali hatifungani za Hazina hulipa kila miezi sita. Wala 12.01% si utabiri, kwani ndani yake huenda imejificha fidia ya kufungiwa fedha.