Mstari usipotokea kwenye kipimo cha mkojo, hayo bado sio majibu

Wiki hii nimemkuta mdogo wangu mmoja wa ofisini anaandika "amekutwa na dawa za kulevya" kwenye faili la mwombaji kwa kipimo cha kikopo peke yake. Nikamwambia weka peni chini. Jamani, hili mimi nilishalifanya, na mtu aliumia.

1. Kipimo cha kikopo ni cha kuchuja tu. Miaka hiyo nilikuwa naajiri madereva wa malori, kijana kapita usaili, ofa tumempa kwa sharti la vipimo. Mnajua kile kipande cha kuchovya kwenye mkojo, mstari ukitokea hana kitu, usipotokea kuna kitu, na upande wa opieti, ukoo wa kina mofini na heroini, haukutokea. Akaniambia dada, nina kikohozi, nimekunywa dawa jana na juzi, chupa hii hapa kwenye begi. Sikuiangalia. Nikamwambia wote mnasema hivyo, barua ya kumkataa nikaiandika siku hiyohiyo, na mbaya zaidi nikampigia aliyemdhamini nikamwambia kijana wako kakutwa na dawa.

Ile chupa ilikuwa ya kodeini. Mwili unageuza sehemu ya kodeini kuwa mofini, na kipande kile hakitofautishi, kinashika ukoo mzima, tena chetu kilikuwa cha kikomo cha nanogramu 300 kwa mililita wakati wengine wanatumia 2000 makusudi ili dawa kama hizo zisiwaponze watu. Kijana akadai kikopo cha pili kilichobaki kwenye friji ya kliniki kipelekwe maabara, kwenye mashine inayotenganisha kemikali mojamoja. Majibu: kodeini ipo, mofini kidogo, 6-asetilimofini, ile inayotokana na heroini, hakuna. Swali la haki lilikuwa moja tu, la daktari: aanze lini kuendesha baada ya kumaliza dozi. Ila kiti chake tulishampa mwingine, na yule mdhamini hakupokea tena simu zangu.

2. Kwenye kuchunguza historia ya mwombaji, angalia kinachogusa kazi yenyewe tu, na mwonyeshe mtu ripoti kabla hujaamua maana majina yanafanana sana.

3. Karatasi ya daktari inayokuja kwako iseme anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti, basi, ugonjwa wake ubaki kliniki. Macho ya dereva pima, VVU usiguse, Pendekezo Na. 200 la Shirika la Kazi Duniani la 2010 linakataa kabisa kumlazimisha mwombaji kazi. Kupima mimba nako Mkataba Na. 183 wa shirika hilohilo wa 2000 unakataza, isipokuwa kazi ambayo sheria inawazuia wajawazito au ina hatari kwa mama na mtoto. Juzi nimekuta fomu yetu bado ina kile kiboksi cha mimba, kwa kazi ya karani! Nimekifuta mwenyewe.

Yule wa wiki hii kikopo chake cha pili kiko maabara, na ofa yake iko palepale mpaka majibu yarudi.