Waya wa inveta ya wati 2000

"Fundi, betri ya volti 12 iko mita 4 kutoka kwenye inveta. Waya wa milimita za mraba 25 unatosha? Lagi, vile vichwa vya shaba vya mwisho wa waya, nagonga kwa nyundo."

Hautoshi, ndugu. Mzigo ukijaa inavuta karibu ampea 200, na kwenda na kurudi ni mita 8, kwa hiyo waya huo unakula zaidi ya volti 1. Sogeza inveta iwe mita 1.5, utumie wa 50.

Kuna mwenzetu kakujibu "waya mnene tu"; yuko sawa nusu, maana na lagi lazima ibanwe vizuri. Nyundo huacha mianya kati ya nyuzi. Lagi yangu hapa Mikindani, pwani, upepo wa chumvi uliingia, shaba ikawa kijani. Azima koleo la haidroliki la kubana lagi, lenye taya ya 50. Kisha washa pasi dakika kumi, zima, gusa: lagi ikiwa moto kuliko waya, rudia kuibana.