Kuhusu otopailoti na kuruka kwa mkono: usimsikilize huyo kapteni

"Nimemaliza leseni ya biashara, nina saa 214, na mwezi ujao naanza kazi Kisumu kwenye ndege ya injini moja yenye skrini na otopailoti. Kapteni anayenifundisha anasema niwashe otopailoti mara tu nikishapaa na niizime karibu na kutua, eti kuruka kwa mkono ni mambo ya wazee. Ni sawa?"

Si sawa hata kidogo. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na kapteni aliyenipokea kazini, neno kwa neno, na nikayaamini miaka mitatu. Yalinifikisha juu ya Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, usiku, ndege imelalia bawa la kushoto, abiria tisa wakipiga kelele nyuma yangu. Kaa hapa nikueleze polepole.

Tulitoka Nairobi jioni. Tulipokaribia Kisumu mvua ilikuwa inapiga uwanja, mnara wakatuambia tusubiri upande wa magharibi, juu ya maji, futi 6,500. Uwanja wa Kisumu uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chini yetu tulikuwa na kama futi 2,800 tu. Otopailoti ilikuwa imeshika mwinuko na njia. Nikapunguza nguvu ya injini ili mwendo ushuke kutoka noti 150 hadi 120, jambo la kawaida kabisa unaposubiri. Halafu nikainamia skrini kupanga mzunguko wa kusubiri na njia ya kuingia kutua.

Kosa langu lote liko kwenye hiyo "halafu". Ukipunguza nguvu ili upate noti 120, zikifika 120 lazima uirudishe nguvu kiasi, la sivyo mwendo unaendelea kushuka. Ndege kubwa zina mtambo unaosogeza leva za nguvu zenyewe. Hizi zetu hazina. Otopailoti yetu inashika usukani tu, na amri niliyoipa ilikuwa moja: baki futi 6,500. Kwa hiyo mwendo ukapungua, bawa likabeba kidogo, na otopailoti ikainua pua kidogo ili tusishuke. Mwendo ukapungua tena, ikainua tena. Kila ilipoinua, ilizungusha na trimu, gurudumu linaloshikilia pua ilipo bila mkono kuusukuma au kuuvuta usukani, kuelekea nyuma ili pua ibaki pale juu. Mwinuko haukutikisika hata futi 20. Ukitazama mwinuko peke yake ungesema ndege inaendeshwa na malaika.

Mwili haukuniambia kitu. Badiliko la pua la nyuzi moja kila sekunde kadhaa, gizani, ndani ya mawingu mepesi, sikio la ndani haliling'amui. Unakuwa umelala chali taratibu na unajiona uko wima.

Ghafla vitu viwili vikalia pamoja. Honi ya stoli, ile inayokuonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kubeba, na king'ora cha otopailoti kujiachia. Otopailoti ya ndege yetu ilijitoa honi ilipolia, ikanikabidhi ndege yenye noti sabini na kitu, pua juu na trimu imevutwa nyuma kabisa. Mimi nilikuwa natafuta kitufe kwenye skrini.

Nilivuta usukani. Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi. Nilijua tangu somo la kwanza kabisa kwamba honi ya stoli dawa yake ni kusukuma pua chini. Na nikavuta. Wakati huo huo nikasukuma leva ya nguvu mpaka mwisho. Kwenye injini moja ya propela, nguvu nyingi kwa mwendo mdogo inaipeleka pua kushoto, na kwa trimu ile ikaiinua zaidi. Bawa la kushoto likashindwa kubeba, likashuka. Nikatazama nje nitafute upeo, nikaona taa nyingi ndogo na nikadhani ni nyota. Zilikuwa karabai za wavuvi wa omena ziwani.

Aliyetuokoa ni rubani msaidizi wangu, dada mdogo kwangu kwa miaka sita. Alipiga kelele, "Kapteni, sukuma!" na hakungoja nijibu, akausukuma usukani kwa mikono miwili dhidi ya ile trimu. Honi ikanyamaza, akalaza mabawa sawa, akarudisha trimu mbele, ndipo akaanza kuinua. Tulikuwa futi 5,400. Tumeshapoteza 1,100. Abiria mmoja aliyefungua mkanda alivunjika kifundo cha mkono. Mimi nilisimamishwa miezi minne, na haki yao.

Kwa nini yeye aliweza? Alikuwa ametoka kwenye ndege kuukuu za kubeba miraa ambazo otopailoti haikufanya kazi. Kila safari aliishika kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Mimi nilihesabu daftari langu baadaye: miaka mitatu, na kwa kila safari nilikuwa nashika usukani dakika nne au tano. Saa zilizoandikwa zilikuwa nyingi. Za mikono yangu hazikuwepo.

Uelewe kilichonipata, maana kitakupata na wewe. Mshtuko wa ghafla una sehemu mbili. Kwanza ni mwili: kelele usiyoitarajia inakufanya ufumbe macho, ukunje mabega na mikono, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla hujafikiri. Mikono iliyokunjwa ikiwa imeshika usukani, inavuta. Pili ni akili: hata baada ya mwili kutulia, kufikiri kunabaki kuvurugika, pengine hadi nusu dakika. Katika muda huo huwezi kukumbuka kitabu. Unachoweza kufanya ni kile ambacho mikono imekizoea. Sasa mwambie kapteni wako: mikono inayoshika ndege dakika nne imezoea nini? Nina hasira naye hata kabla sijamjua, kwa sababu siku hiyo hatakuwa kwenye kiti chako. Atakuwa nyumbani kwake anakunywa chai.

Na usidhani ni mambo ya marubani wachanga wa ndege ndogo. Tarehe 5 Mei 2007, Kenya Airways safari namba 507, Boeing 737-800, iliondoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi, baada tu ya saa sita usiku. Kwenye kama futi 1,000 kapteni aliita otopailoti iwashwe. Msaidizi wake hakuthibitisha, na haikuwa imewashwa. Kapteni aliuachia usukani akiamini kuna kinachoushika. Kwa sekunde 55 hakuna aliyeishika ndege. Nje kulikuwa giza na mvua ya radi iko karibu. Ndege ile ilikuwa na tabia ndogo tu ya kulalia kulia, na kwa sekunde zote hizo ikalala polepole, mpaka kama nyuzi 34. Hapo onyo la kulala kupita kiasi likalia, na kapteni akaukamata usukani kwa fujo, huku na huku, hadi ulalo ukafika nyuzi 50. Otopailoti ikawashwa wakati huo, ndege ikaanza kutulia kidogo, kisha usukani na pedali zikaendelea kusogezwa na ikapinduka zaidi ya nyuzi 90. Ilianguka kwenye mikoko ya jirani. Watu 114, wote walikufa.

Nililia niliposoma ripoti ile, kwa sababu niliiona Winam yangu ndani yake. Ubaya wa polepole usiohisiwa na mwili, mtu anayeamini mashine inafanya kazi ambayo haifanyi, kisha kelele, kisha mikono isiyo na jibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ndiyo ninayotaka uingie nayo kazini: kila siku ya kazi, mguu mmoja mzima, yaani safari moja toka uwanja hadi uwanja, uuruke kwa mkono. Kupaa, kupanda, kutulia juu, kushuka, kutua. Usiishie futi 1,000. Kupaa na kutua kila mtu anafanya. Kinachooza ni kule katikati: kushika mwinuko sawa huku ukibadili mwendo, kugeuka huku ukiongea na mnara, kutrimu mwenyewe. Chagua mguu wa asubuhi, Kisumu kwenda Eldoret, hewa ikiwa safi. Mwambie mwenzako mapema ili akutazame na ashike redio. Siku ya mvua kubwa au ukiwa umechoka, washa otopailoti, hiyo ndiyo kazi yake. Sisemi uichukie.

Katika mguu huo jifunze namba za ndege yako mpaka uzijue usingizini. Kwa nguvu hii na pua hapa, mwendo ni huu. Kila ndege ina zake na mzigo unazibadili, kwa hiyo ziandike mwenyewe kwa ndege unayopewa: namba ya kupanda, ya kusafiri, ya kusubiri, ya kushuka kuelekea kutua. Namba hizo ndizo zinazokuambia jambo haliko sawa kabla ya honi. Laiti ningejua kwamba kusubiri kwa noti 120 pua yetu inakaa nyuzi tatu hivi, ningeona nyuzi saba nikashtuka mapema, nikiwa na muda. Utajua umeanza kuoza ukiona mwinuko unacheza futi 200 juu na chini nawe unalaumu upepo.

Na kabla hujaanza kubeba abiria, muombe kapteni mwingine, si huyo, mpande ndege tupu juu ya ziwa mchana, angalau futi 5,000 juu ya maji. Washa otopailoti ishike mwinuko, punguza nguvu, kisha usiguse kitu. Angalia gurudumu la trimu kando ya goti lako. Litaanza kuzunguka lenyewe, tiki, tiki, bila kelele, pua ikipanda na mwinuko umetulia tuli. Ukifika noti 90, honi ikiwa bado mbali, izime otopailoti kwa mkono wako huku umeshika usukani imara, na usikie ndege inavyotaka kuinua pua. Uzito huo mkononi ndio niliokabidhiwa gizani bila kuujua.