Barua ya marekebisho: mtumie mteja kabla hujakata klipu ya kwanza

Wewe unayeanza kuhariri video kwa malipo, kuwa makini zaidi na kazi ambayo picha amezipiga mteja mwenyewe. Yeye anaikumbuka siku nzima ya shughuli, wewe unazo klipu tu. Akitazama rasimu anakiona hata kisichokuwamo, na anadhani wewe ndiye uliyekitoa. Kwa hiyo barua ya marekebisho, inayomweleza mteja mapema atabadilishiwa nini na mara ngapi, iende pamoja na bei, kabla ya kuanza kazi.

Tuseme ni harusi, na ndugu wamekusanya klipu kutoka kwenye simu zao. Barua yangu huanza hivi:

"Habari dada, hongereni kwa kumaliza shughuli salama. Nimepokea klipu na nimezitazama zote. Bei ninayokutajia ina raundi mbili za marekebisho. Katika raundi ya kwanza tutaangalia mpangilio: kipi kitangulie, kipi kitoke, kipi kirefushwe. Raundi ya pili ni ya mambo madogo: majina yaliyoandikwa, sauti na rangi. Raundi ya tatu, ikihitajika, italipiwa shilingi 50,000."

Usiandike "raundi mbili" ukaishia hapo. Mweleze kila raundi inahusu nini, kwa sababu mpangilio ndio unaobeba mengine yote. Akitaka hotuba ya baba ihamie kabla ya keki wakati umeshaweka muziki, majina na rangi, hivyo vyote itabidi uvipitie upya.

Kinachofuata ni kamati. Rasimu ikishatua kwenye kundi la WhatsApp, shangazi atataka hotuba yote ibaki, bwana harusi atataka ikatwe nusu, na wote watakuandikia wewe. Mimi naandika hivi:

"Naomba maoni ya familia uyakusanye wewe, myapatanishe, kisha unitumie kwa ujumbe mmoja. Kila jambo liwe na dakika na sekunde yake. Ujumbe huo ndio raundi moja."

Mpe na mfano palepale. "Pale mwanzoni pamepooza" haukuelezi ufanye nini. "03:42, mtu anapita mbele ya kamera, toa" unaumaliza kwa muda mfupi sana. Wateja wengi hawajawahi kuonyeshwa namna ya kutoa maoni, na wakishaonyeshwa wanafanya vizuri.

Sehemu inayoleta ugomvi zaidi ni mpaka kati ya marekebisho na kazi mpya. Itolee mfano wa wimbo. Mteja akisema "badilisha wimbo tu", kwake ni jambo dogo. Lakini kama maharusi wanaingia ukumbini kwa dakika nne, na kila picha umeikata ifuate mdundo, wimbo wenye kasi nyingine unaifanya mikato yote ianguke nje ya mdundo. Utaikata sehemu hiyo upya, klipu kwa klipu. Kwa hiyo barua iseme: "Wimbo tuuchague kabla sijaanza. Kuubadilisha baada ya rasimu, au kuleta klipu mpya baada ya raundi ya kwanza, ni kazi mpya. Nitakutajia bei yake kabla ya kuigusa." Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Mtu hukasirishwa zaidi na gharama inayomshtukiza.

Halafu sema ukweli kuhusu picha zenyewe, na useme ukiwa umeshazitazama:

"Klipu ya kuvishana pete ilipitia WhatsApp kama video ya kawaida, imebanwa na imepoteza ung'avu. Aliyeipiga akiwa bado nayo kwenye simu, aitume kama faili, au aiweke kwenye Google Drive. Hotuba ya mjomba ina muziki wa spika chini yake. Naweza kuupunguza, siwezi kuuondoa wote bila kuharibu sauti yake. Kukata keki hakuna klipu hata moja."

Sentensi ya mwisho inaokoa raundi nzima. Familia ikiipata mapema, pengine binamu fulani atapekua simu yake na kuipata klipu hiyo kabla hujaanza kupanga.

Kuhusu muda, mimi natoa siku 7 za kuleta maoni. Wapo wanaoandika kwamba mteja akinyamaza amekubali. Kwa video ya harusi sipendi sharti hilo, maana huenda familia imesafiri au ina msiba. Naandika kwamba siku zikipita, kazi inaenda nyuma ya foleni na tarehe ya kukabidhi inasogea.

Malizia kwa kuomba jibu la maandishi: "Ukiridhika na utaratibu huu, nijibu 'nakubali', nami nitaanza." Simu haitoshi hapa. Jibu hilo lihifadhi kwenye folda moja na klipu, kwa sababu raundi ya tatu ikiombwa na ndugu ambaye hakuiona barua, utamrudishia dada yule ujumbe wake mwenyewe, naye ndiye atakayewaeleza wenzake.