Maswali na Majibu: Solver na mchanganyiko wa kuku wa mayai

"Solver siioni kwenye Excel yangu. Imeondolewa?"

Haijaondolewa. Nenda File, Options, Add-ins, bonyeza Go, weka tiki kwenye Solver Add-in. Itatokea chini ya Data. Hili nimeshalijibu mara nyingi mno.

"Solver imenipa mahindi kilo 58, mashudu ya alizeti kilo 39, soya sifuri, gharama Sh 60,500. Nichanganye?"

Usichanganye. Jumlisha kwanza: 58 na 39, pamoja na desimali zake, ni karibu 98, na wewe umetenga kilo 10 za chokaa, mifupa, chumvi na premiksi. Hapo una kilo 108, wakati protini na nishati umezipigia hesabu ya kilo 100. Ukichota kilo 100 kutoka kwenye rundo hilo, protini ni asilimia 14.9 badala ya 16, na nishati ni kilokalori 2,500 kwa kilo badala ya 2,700. Kuku ataona tofauti hiyo kabla yako, na utaijua mayai yakishapungua.

Ulichosahau ni sharti la uzito: viambato vitatu vijumlishe kilo 90, kwa kuwa 10 umeshazitenga. Nimepanga upya jedwali lako kwa bei ulizonitumia: mahindi 700, mashudu ya alizeti 500, mashudu ya soya 1,800. Kilo ziko B2 hadi B4 kwa mpangilio huo, bei ziko C, protini D (0.085, 0.28, 0.44) na nishati E (3350, 1900, 2300). Mstari wa 6 ni wa jumla:

```
B6: =SUM(B2:B4)
C6: =SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)
D6: =SUMPRODUCT(B2:B4,D2:D4)
E6: =SUMPRODUCT(B2:B4,E2:E4)
```

Set Objective ni C6, chagua Min, seli za kubadilisha ni B2:B4. Masharti ni haya:

```
B6 = 90
D6 >= 16
E6 >= 270000
```

Hakikisha tiki ya Make Unconstrained Variables Non-Negative ipo, chagua Simplex LP, bonyeza Solve. Utapata mahindi 63, mashudu ya alizeti 7.8, soya 19.2, kwa Sh 82,600 hivi. Ni ghali kuliko ile ya kwanza, lakini hiki ndicho chakula ulichokiomba. Angalia pia protini umeiandikaje: ukiweka 8.5 badala ya 0.085, D6 itasoma mamia na Solver itaitupa soya yote bila kukuonya.

"Nimepandisha protini 18 na nishati 2,800, inasema 'Solver could not find a feasible solution'. Programu imeharibika?"

Programu ni nzima. Kwa viambato hivyo vitatu, kilo 90 zenye protini kilo 18 haziwezi kuzidi kilokalori 271,000 hivi, na wewe unadai 280,000. Ongeza mstari wa mafuta ya kula au shusha sharti. Na jiulize kwanza nani kakwambia kuku wa mayai aliyekomaa anahitaji 18.

"Nikishusha nishati hadi 2,600 naokoa kiasi gani?"

Swali zuri, na jibu umelikalia. Solver ikimaliza, kabla ya kubonyeza OK, chagua Sensitivity. Kwenye mstari wa nishati, Shadow Price ni kama 0.92, yaani kila kilokalori unayodai inakugharimu senti 92. Kushusha 100 kwa kila kilo ni 10,000 kwa gunia zima, kwa hiyo unaokoa karibu Sh 9,200. Mashudu ya alizeti yanapanda hadi kilo 19.

Mimi nisingeharakisha. Kuku wa mayai hula mpaka nishati imtoshe, kwa hiyo chakula chepesi atakila zaidi na sehemu ya akiba yako itaishia kwenye kihori. Tena mashudu yenye maganda yana nyuzinyuzi nyingi na lisini kidogo, na Solver haijui lolote kati ya hayo mpaka uandike. Ongeza sharti B3 <= 12, na ukipata takwimu za lisini za viambato vyako, zipe safu yake na kiwango chake cha chini. Protini na nishati peke yake ni mwanzo tu.

"Inakataa Simplex, inalalamika kuhusu 'linearity conditions'."

Umegawanya D6 kwa B6 kutafuta asilimia, au umeweka IF. Ondoa. Fanya kazi na kilo.

"Soya mbichi ni nafuu kuliko mashudu yake. Niiongeze kwenye jedwali?"

Hapana, mpaka uikaange. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini vinavyomnyima kuku protini ile ile unayoilipia, na safu ya D itaendelea kuonyesha namba nzuri. Ukishaipasha moto vizuri, iingize kwa bei yake halisi: ununuzi, kuni, na uzito uliopungua kwenye kukaanga. Mara nyingi unafuu wote unaishia hapo.