Ukipewa dakika moja ya kugonga glasi mbele ya wakwe wa lugha nyingine

Kamati ikikupa dakika moja ya kuongoza kugonga glasi, na upande wa pili wa ukumbi wamekaa wakwe kutoka Ujerumani, hesabu kwamba una nusu dakika. Nusu nyingine ni ya mkalimani. Kwa mwendo wa kawaida, nusu dakika ya Kiswahili ni maneno 45 hivi. Tafsiri yake itakuwa ndefu zaidi: "tumewapokea", ambalo kwetu ni neno moja, kwa Kijerumani ni maneno manne.

Mimi mara ya kwanza, Moshi, niliharibu kwenye majina ya undugu. Nilisema, "Baba zake watatu wako hapa na wamebariki." Kijana aliyekuwa akitafsiri akatafsiri hivyo hivyo. Nikamwona mama wa bwana harusi anamgeukia mumewe, macho yamemtoka, anahesabu wazee wa meza kuu. Kwetu baba mkubwa na baba mdogo hawahitaji maelezo. Kwao mtu ana baba mmoja, wengine ni wajomba. Lakini usimwachie mkalimani aseme "wajomba", kwa maana hapo heshima ya wazee wako itapotea. Fafanua wewe mwenyewe ndani ya sentensi.

Hii ndiyo niliyoandika baadaye, kwa harusi nyingine:

"Familia ya bwana harusi, karibuni sana. / Mmesafiri mbali kwa ajili ya binti yetu, nasi tumewapokea. / Huyu ni baba yake, na hawa ni kaka wawili wa baba huyo, ambao kwetu nao ni baba. / Leo wamekuwa ndugu zenu. / Tuwainulie glasi maharusi wetu: maisha marefu!"

Mistari ile iliyoinama ni mahali pa kunyamaza. Nyamaza sentensi ikiisha tu, maana Kijerumani mara nyingi huweka kitenzi mwishoni, na mkalimani aliyepewa nusu sentensi hana pa kuanzia. Methali niliziacha zote, kwa kuwa kila moja ingedai maelezo marefu kuliko hotuba yenyewe.

Mpe mkalimani karatasi siku moja kabla. Mwambie pia nani ni mwanamume na nani mwanamke, hasa ukitumia "yeye" au "mkwe". Kiswahili hakimwonyeshi, ila Kijerumani kitamlazimisha achague papo hapo.

"Maisha marefu" isitafsiriwe. Itamke, kisha ongeza mwenyewe neno lao la kugonga glasi. Liandike kwa herufi zetu, "tsum vol", na ulifanyie mazoezi kwa sauti. Unapogonga, mtazame mtu machoni. Kwao kuangalia pembeni ni utovu wa adabu, hata kama wewe umeinamisha macho kwa heshima.

Na kwenye meza yao weka kadi yenye "Maisha marefu" kwa maandishi makubwa. Kwenye harusi ile bibi wa bwana harusi aliishika kadi mkononi tangu supu, akingoja zamu yake, na ilipofika alitangulia ukumbi mzima kuitikia.