Usipange sehemu kabla hoja haijakaa

"Utangulizi wangu umefika maneno 600 na msimamizi anasema haoni ninakwenda wapi. Nimeanza na historia, nikataja sehemu zote nne, halafu hoja yangu, swali nimelimalizia mwisho. Nihamishe nini? Na je, ni vibaya kuanza na nukuu?"

Ndugu, kama hujaanza kuandika hizo sehemu nne, usiziguse kwanza. Nimesoma mpangilio wako nikashtuka, maana ni ule ule ulionigharimu wiki tatu.

Insha yangu ilihusu Uingereza baada ya tauni iliyofika huko mwaka 1348. Watu walikufa kwa wingi, vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda. Serikali ikatoa amri mwaka 1349, kisha sheria mwaka 1351, kurudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni. Hata hivyo ujira uliendelea kupanda. Mada nzuri kabisa, nami nikaiharibu kwenye ukurasa wa kwanza.

Nilianza na aya tatu za usuli: tauni ilivyosafiri, dalili zake, miji ilivyoathirika. Kisha nikaandika: "Sehemu ya kwanza inahusu tauni, ya pili inahusu sheria, ya tatu inahusu wakulima." Hoja ikafuata, na swali likaja mkiani, kama lako.

Watu hudhani kosa hapo ni la mtiririko tu, kwamba ukihamisha aya mbili yameisha. Sivyo. Nilipotaja sehemu kabla ya kuwa na swali, nilitaja mada, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kutaja. Baada ya hapo nikauandika mwili mzima kwa kuufuata ule mpangilio. Sehemu ya kwanza ikasimulia tauni kwa maneno 900 bila kuthibitisha lolote. Ya pili ikaeleza sheria, na ya tatu ikaeleza wakulima. Insha ikarudi na mstari mwekundu pembeni ya aya ya nne: "Insha inaanzia hapa." Zaidi ya nusu ya kazi niliitupa.

Na aliyenishauri hivyo alikuwa mtu wa kufundisha uandishi! Aliniambia "anza mbali, msomaji aandaliwe taratibu", na kwamba sehemu zitajwe mapema "ili asipotee". Mpaka leo inaniuma. Msomaji hawezi kufuata njia ya kwenda mahali ambapo hajaambiwa ni wapi.

Nilipoisuka upya nilianza na swali: kwa nini sheria ya 1351 ilishindwa kuzuia ujira usipande? Ndipo nikaupitia usuli sentensi moja moja nikijiuliza, hii ikiondoka, swali bado linaeleweka? Dalili za tauni zikaondoka, na safari yake pia. Zikabaki sentensi nne: vifo, uhaba wa vibarua, sheria, na ujira uliokaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayolizaa swali, kwa hiyo swali likakaa papo hapo baada yake.

Hoja ikafuata bila kitu katikati: sheria ilishindwa kwa sababu wenye mashamba walioitaka ndio hao hao waliolazimika kuivunja, kila mmoja akiogopa mavuno yake yaozee shambani jirani akichukua vibarua wote. Angalia, swali linauliza "kwa nini", hoja inajibu "kwa sababu". Kama swali lako ni la "kwa nini" na hoja yako inasema "kulikuwa na mabadiliko makubwa", hujalijibu.

Mpangilio wa sehemu ukaja mwisho, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Sasa uliandikika hivi: "Kwanza naonyesha kwamba uhaba wa vibarua uliwapa nguvu ya kuhama, kisha napima adhabu za sheria zilimgusa nani, mwisho naonyesha jinsi waajiri walivyoficha nyongeza kwa kulipa chakula na nafaka." Kila sehemu ina kitenzi na ina kazi inayoifanyia hoja. "Inahusu" haimo hata mara moja. Ile sehemu ya maneno 900 ya tauni haikupata kitenzi, ndiyo maana ikafa.

Kwa hiyo chukua zile sehemu zako nne, futa kila "inahusu", ujaribu kuweka "inaonyesha kwamba". Sehemu itakayogoma kumalizika sentensi, ama haina kazi au hoja yako bado haijakaa. Kama insha ni fupi, maneno 1,000 hivi, sentensi moja ya mpangilio inatosha kabisa.

Bandika hapa swali lako na hoja yako tu, sentensi mbili, zikiwa zimefuatana. Historia iache huko huko kwanza.